Kilichokuwa Tumboni mwa Mama Mkwe

Jumatatu asubuhi Meneja alimwita shangazi yangu mwizi mbele ya watu kumi na mmoja, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Tulikuwa tumesimama mbele ya zizi la swala, kila mtu na sare yake ya kijani. Mtoto wa swala, jike la wiki tatu, hakuonekana tangu jana yake. Kufuli la lango lilikuwa zima. Waya haukukatwa. Ufunguo alikuwa nao Shangazi peke yake.

"Kwa hiyo tuambie," Meneja alisema. "Ameota mbawa?"

"Mimi Jumapili nilipofungua nilimkuta mama yake anazunguka akilia," Shangazi alijibu. "Nimekuambia jana kwa simu. Nimekuambia leo. Sasa unataka nikuimbie?"

"Nataka uniambie umemuuzia nani."

Shangazi alikuwa na ndoo ya majani mkononi. Aliiweka chini taratibu, kama mtu anayejizuia asiirushe. Kwa miaka kumi na sita amewalea swala wa bustani ile ya wanyama. Anawajua kwa kikohozi. Mimi mwenyewe alinilea tangu nikiwa darasa la tatu, na nilipomaliza chuo ndiye aliyenishika mkono hadi ofisini, akasema: huyu binti anapenda nyoka, Mungu amsaidie, mpeni kazi.

"Badala ya kunitazama mimi," alisema, "katazame ng'ambo ya ukuta. Ule mfereji wa maji ya mvua unatoka kwangu unaingia kwa chatu. Nondo mbili za mdomoni mwake zimeliwa na kutu. Nimekuandikia mara tatu. Nimeziba kwa ubao, na Jumamosi usiku mvua imenyesha, ubao nimeukuta umeelea huko."

Meneja alicheka. Ana kicheko kifupi kama mlango wa kabati.

"Chatu? Kichwa cha yule nyoka kinaenea kwenye kiganja changu." Akaufungua mkono, akatuonyesha sote. "Swala ana mabega hivi. Miguu ile! Apitie wapi? Au alimkatakata kwanza kwa kisu na uma?"

Watu walicheka. Hata mlinzi wa lango, tunayemwita Redio kwa sababu habari haimkai kooni, alicheka huku akitazama viatu vyake.

"Na tena," Meneja aliendelea, "chatu alikuwa ameshiba." Akanyanyua daftari la chakula la nyumba ya nyoka. Daftari langu. "Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Sungura wawili. Amekula. Binti, huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Alikula?"

Nilimtazama Shangazi. Yeye hakuwa ananitazama kwa wasiwasi wowote. Alikuwa ananitazama kama mtu anayemtazama shahidi wake.

"Alikula," nilisema.

Neno hilo lilinitoka kirahisi kwa sababu nililiamini. Asubuhi ile nilikuwa nimemwona chatu amejikunja kwenye chumba chake cha ndani, chenye joto, na katikati ya mwili wake uvimbe. Nyoka mwenye uvimbe ni nyoka aliyekula. Daftari linasema sungura. Basi ni sungura.

Meneja alimsimamisha kazi Shangazi papo hapo. Kikao kingekuwa Alhamisi saa nane mchana, na baada ya kikao, polisi. Shangazi alivua koti la sare, akalikunja mara mbili, akaliweka juu ya ile ndoo ya majani, akatoka langoni kwa miguu na blauzi yake ya nyumbani. Hakuniaga.

*

Inabidi nieleze jinsi tulivyokuwa tukiandika lile daftari, maana ndiko nilikoharibu.

Chatu wetu ni jike la mita nne na kilo thelathini na tano. Wafanyakazi wanamwita Mama Mkwe, kwa kuwa kila anayepita mbele yake huinamisha macho. Hali kila siku. Kila baada ya wiki tatu nne tunamwekea sungura waliokwisha kufa, jioni, kwenye uwanja wake wa nje, karibu na mlango wa chumba chake. Anaweza kuwachukua baada ya dakika mbili au baada ya saa tano. Anaweza pia kuwaacha. Kanuni inasema uandike "amewekewa", kisha asubuhi ukague, ndipo uandike "amekula" au "hakula". Lakini saa kumi na moja na nusu geti linafungwa, na aliyenitangulia kwenye kazi ile alinifundisha siku ya pili: "Andika tu amekula, uende zako. Lini amekataa?" Jumapili haikuwa zamu yangu. Niliweka sungura, nikaandika, nikanawa mikono, nikaondoka kabla mvua haijanishika.

Jumanne nilipokwenda kufagia uwanja wa nje, nilikutana na harufu.

Walikuwa nyuma ya karai kubwa la maji, wote wawili, wamesombwa na mvua wakabanwa kati ya karai na ukuta. Wamevimba. Nzi wa kijani. Hakuna hata jino moja lililowagusa.

Nilisimama pale na fagio. Kisha nikageuka kutazama mdomo wa mfereji kwenye ukuta. Nondo zilikuwa nne, zimenyooka, mbili zikiwa mpya kabisa, na kwenye maungio alama za kuchomelea zilikuwa bado zinang'aa kama sarafu. Ijumaa zilikuwa mbili tu zenye kutu, na Jumatatu nilikuwa nimesikia mlio wa mashine ya kuchomelea.

Nikaelewa yote kwa pamoja, kwamba mtoto wa swala alipenya pale usiku wa mvua akakutana na chatu, na hasira ikanipanda toka miguuni. Meneja alijua. Jumatatu ileile aliyomwita Shangazi mwizi, alimleta fundi wa kuchomelea akaziba tundu. Wakaguzi wa wanyama walikuwa wanakuja Jumamosi. Wakisikia ua ni mbovu na chatu amemeza mnyama wa serikali, wanafunga bustani. Wakisikia mfanyakazi ameiba, wanaandika pole na kwenda zao.

Sasa sikilizeni nilichofanya mimi, niliyesoma, niliyejaa hasira ya haki. Niliwachota wale sungura kwa koleo, nikawatia kwenye mfuko, nikawatupa kwenye shimo la taka na kuwafukia. Sikumwambia mtu. Nilijiambia natunza usafi. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na aibu ilikimbia mbio kuliko hasira.

*

Tunaishi pamoja, mimi na Shangazi, vyumba viwili na jiko. Jioni nilimkuta anakata vitunguu. Alikuwa amekata vitunguu vingi kuliko tunavyoweza kula kwa wiki nzima.

"Dukani wamenyamaza nilipoingia," alisema bila kugeuka. "Yule mama wa dukani, ninayemkopesha masikio kila siku ya Mungu kwa habari za mumewe, leo amenihesabia chenji mara mbili. Mara mbili! Kama vile mikono yangu ina gundi."

"Shangazi."

"Miaka kumi na sita. Nimemzalisha mama yake yule mtoto kwa mikono hii. Nimvute tumboni kisha nimuuze nyama?"

"Shangazi, chatu hakula wale sungura."

Kisu kilisimama.

Nikamweleza. Daftari, karai, harufu, shimo la taka. Nilieleza haraka haraka nikidhani nikimaliza upesi itauma kidogo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka kisu mezani, akajifuta macho kwa kiwiko. Sijui machozi yale yalikuwa ya vitunguu au ya kosa langu.

"Kwa hiyo jana nilipokutazama," alisema, "ulisema kitu usichokijua."

"Nilidhani—"

"Sikukuuliza ulidhani. Meneja anasema uongo kwa sababu ana nafasi yake ya kulinda. Huyo namwelewa. Wewe ulikuwa unalinda nini? Nusu saa ya kurudi nyumbani?"

Niliokota maganda ya vitunguu sakafuni.

Alizunguka jiko mara mbili. Aliposimama, hasira ilikuwa imempa kazi ya kufanya. "Haya, msomi. Nieleze. Inawezekana? Swala mzima? Mimi mwenyewe nilimwambia akatazame huko, lakini aliponyoosha kile kiganja chake nilijiona mjinga."

Nilichukua soksi yangu ya mpira wa miguu na chupa ya chai. Nikaanza kuivisha soksi ile chupa kuanzia kitako.

"Taya letu la chini ni mfupa mmoja," nilisema. "Ukiachama sana linagonga mwisho. La chatu ni vipande viwili, kushoto na kulia, na hapa mbele kidevuni havijaungana. Vimeshikwa na kano inayovutika. Na huku nyuma taya halijabanwa moja kwa moja kwenye fuvu. Limening'inia kwenye mfupa mwingine unaocheza, kama bawaba yenye mkono mrefu. Kwa hiyo mdomo unapanuka kwenda chini na pia kwenda pembeni."

"Watu wanasema linachomoka."

"Halichomoki. Lingechomoka asingeweza kuvuta. Linalegea tu." Niliivuta soksi upande wa kushoto, kisha wa kulia, kushoto, kulia. "Meno yote yamelalia nyuma. Upande mmoja unashika, mwingine unasogea mbele. Halafu wanabadilishana. Hamezi kama sisi. Anatembeza mdomo wake juu ya mnyama. Anaanza na kichwa, ili miguu ilale nyuma isimkwaze. Na hana mfupa wa kifua, kwa hiyo mbavu zinafunguka. Ngozi nayo: magamba hayavutiki, ila katikati ya gamba na gamba kuna ngozi laini iliyokunjwa. Akishiba magamba yanaachana unaona weupe katikati."

Shangazi aliitazama soksi iliyovuka kitako cha chupa, nyuzi zake zimeachana. "Na anapumua wapi huku amejazwa hivyo?"

"Ana kijibomba cha hewa sakafuni mwa mdomo. Anakisukuma mbele kama pua ya mtu chini ya maji."

Aliivua ile soksi kwenye chupa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo naiogopa kuliko kelele: "Basi mpasueni."

"Atakufa."

"Afe. Mimi ninayekufa nikitembea dukani, huoni?"

"Shangazi, hakuna haja. Chatu hayeyushi haraka. Ni siku nyingi, wiki na zaidi kwa mnyama mkubwa vile. Moyo wenyewe unakua, ini linakua, utumbo unakua, ili afanye kazi ile. Amemeza usiku wa Jumamosi. Mifupa bado ipo. Lakini inayeyuka, tindikali yake inakula hata mfupa, kwa hiyo hatuna muda mwingi. Daktari ana mashine ya eksirei ya kubeba, ile anayopigia miguu ya farasi. Tunaweza kumpiga picha hapohapo alipolala bila kumwinua."

"Nani atakubali?"

"Nitamwomba Meneja kesho."

Alicheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu, na haikuwa furaha. "Umwombe mwizi wa kuku akushikie tochi."

*

Jumatano nilisimama mbele ya meza ya Meneja na kumwambia kila kitu, pamoja na kosa langu. Alisikiliza akichokonoa kucha kwa kibano cha karatasi.

"Hao sungura wako wapi?"

"Niliwafukia."

"Kwa hiyo hawapo. Nilicho nacho ni daftari linalosema amekula, na binti anayesema daftari lake ni la uongo siku moja kabla shangazi yake hajafukuzwa. Ungekuwa mimi ungeamini lipi?"

"Nondo za mfereji zimechomelewa Jumatatu."

Kibano kilisimama. "Matengenezo ya kawaida."

"Miezi minne Shangazi amekuandikia barua, na hukufanya matengenezo ya kawaida."

"Binti," alisema, na akainama mbele kama mtu anayetoa zawadi, "wewe una digrii. Hapa una maisha marefu. Yule mama angestaafu miaka minne ijayo hata hivyo. Usijichome kwa ajili ya mtu ambaye jua lake limekwisha kutua. Eksirei hairuhusiwi. Nyoka aliyeshiba asisumbuliwe. Si wewe mwenyewe uliyeandika hilo tangazo mlangoni?"

Kweli, niliandika mimi. Chatu aliyetoka kula akibebwa au akitishwa atatapika, na kutapika mnyama mkubwa kunaweza kumchana na hata kumuua. Akipigwa baridi, tumbo linasimama na nyama inaozea ndani. Alikuwa ananipiga kwa fimbo yangu mwenyewe.

Nilitoka nje. Nyuma ya nyumba ya nyoka nilimpigia Daktari. Ni mwanamke wa maneno machache, anatibu ng'ombe, farasi na wanyama wetu.

"Mama Mkwe anaumwa?" aliuliza.

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuhalalisha uongo mwingine mmoja.

"Haumwi," nilisema. "Ila ndani yake kuna kitu kinachomfukuzisha mtu kazi." Nikamweleza, na nikamwambia Meneja amekataa.

Nilimsikia akifunua karatasi. "Mkataba wangu na bustani unanipa haki ya kumkagua mnyama yeyote, siku yoyote, pale ninapoambiwa amemeza kisichojulikana," alisema hatimaye. "Wewe umeniambia. Kesho saa sita. Ongeza joto la chumba kidogo, na asiingie mtu mwingine. Na Meneja mwachie mimi."

*

Alhamisi Daktari aliingia na sanduku lake kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Meneja alimkimbilia hadi mlangoni.

"Sikukuita."

"Nami sikuja kwako," Daktari alijibu. "Vaa aproni ya risasi ya kuzuia mionzi au rudi nyuma ya ukuta."

Akarudi nyuma ya ukuta.

Mama Mkwe alikuwa amelala kwenye sakafu ya joto, amejinyoosha nusu. Uvimbe ulikuwa mkubwa kuliko nilivyoukumbuka, au macho yangu ndiyo yalikuwa yamefunguka. Magamba yake ya kahawia na meusi yalikuwa yameachana, na katikati yake ngozi nyeupe ilionekana kama uzi wa fulana iliyovutwa. Nilijiuliza niliwezaje Jumatatu kuutazama mlima ule nikauita sungura wawili. Nilikuwa sijautazama. Nilikuwa nimesoma mwandiko wangu.

Tulipitisha bamba la picha chini yake kwa upole, sentimita kwa sentimita, tukisimama kila alipotoa ulimi. Hakujiviringisha. Alitoa pumzi moja ndefu yenye harufu ya chuma na unyevu. Daktari alipiga picha tatu, maana bamba moja halikutosha.

"Usiniulize kitu," aliniambia akifunga kompyuta yake kabla sijaona. "Nitasema mara moja tu, mbele ya wote."

Kikao kilifanyika kwenye banda la kulia chakula. Wale wale kumi na mmoja walikuwapo, na Shangazi, amevaa gauni lake la harusini na kilemba, kiti chake peke yake upande mmoja. Meneja alianza kusoma karatasi. Alifika kwenye "upotevu wa mnyama" Daktari alipoingia, akasogeza bakuli la chumvi, akaweka kompyuta mezani ikiwatazama watu.

"Hili ndilo tumbo la chatu, leo saa sita na nusu," alisema.

Mbavu za nyoka zilikuwa pande zote mbili, nyembamba, nyingi mno, zimefunguka kama vidole vya kitana. Katikati yake kulikuwa na mnyama mmoja. Mmoja, si wawili. Kichwa chake kilielekea mkiani mwa chatu, na fuvu lilikuwa limeanza kufifia, kingo zake kama sabuni iliyoloweshwa.

"Alitangulia kichwa, kwa hiyo kichwa ndicho tindikali ilichokianza," Daktari alisema. "Shingo, mabega. Mabega yapo hapa, Meneja, yale uliyosema hayapiti. Sasa njooni huku nyuma."

Miguu ya nyuma ilikuwa bado mizima, myeupe kabisa, mirefu, imenyooshwa kuelekea kichwani kwa nyoka kama mtu aliyepiga mbizi. Mwisho wa kila mguu kulikuwa na kwato iliyogawanyika mara mbili.

Watu walisogeza viti karibu. Kisha Redio akasema, kwa sauti kubwa iliyomtoka bila ruhusa: "Sungura hana kwato!"

"Amemeza Jumamosi usiku au Jumapili asubuhi," Daktari alisema. "Mngesubiri wiki nyingine msingeona mfupa hata mmoja."

Shangazi alikuwa amesimama. Hakuwa akimtazama Meneja. Alikuwa akiitazama ile miguu ya nyuma, na nikakumbuka kwamba kwake yeye ile haikuwa ushahidi. Alikuwa ni yule mtoto aliyemvuta tumboni kwa mama yake. Nilikuwa nimemwahidi picha ya kumwokoa na sikufikiria atakachokiona.

Meneja alikohoa. "Basi. Imekuwa ajali ya asili. Mama, Jumatatu utaripoti kazini kama kawaida. Kikao kimefungwa."

"Hakijafungwa," Shangazi alisema.

"Nimesema umerudishwa kazini."

"Nimesikia. Jumatatu uliniita mwizi. Uliniita hivi hivi, watu hawa hawa wamesimama. Na siku hiyohiyo ulimleta fundi akazibe tundu."

"Matengenezo—"

"Saa nne asubuhi," Redio alisema. Habari ilikuwa imeshamtoka. "Nilimfungulia geti mimi. Alisema ameambiwa amalize kabla ya saa sita na asimwambie mtu. Akaniambia mimi!"

Mtu mmoja alicheka, akajikaza. Daktari alikuwa anaandika kitu kwenye karatasi yake. "Wakaguzi wanakuja keshokutwa," alisema bila kuinua macho. "Ripoti yangu huwa inatangulia."

Meneja alitazama huku na huku. Kicheko chake cha kabati hakikuja. "Nilikosea," alisema kwenye karatasi zake.

"Sauti," Shangazi alisema.

"Nimesema nilikosea."

"Ulikosea nini? Jumatatu hukunung'unika. Mwenye duka huko barabarani alikusikia. Sema."

Meneja alizikunja karatasi zake. Alisimama. "Mama huyu hakuiba. Nilijua tundu lipo."

Shangazi aliitikia kwa kichwa, mara moja. Nilivuta pumzi. Ndipo akageuka kwangu.

"Na wewe?"

Sikuwa nimetegemea. Nilifikiri mimi nilikuwa upande wake wa meza. Watu wote walinigeukia, na Redio, Mungu ambariki, alitazama tena viatu vyake.

"Shangazi, nilikwisha kukuambia nyumbani."

"Nyumbani nilikuwa peke yangu. Jumatatu walikuwa wote hawa."

Nilisimama. Nilifikiri juu ya taya lile la chatu lisiloungana mbele, linalopanuka kupitisha kitu kikubwa kuliko kichwa. Mimi langu ni mfupa mmoja.

"Niliandika amekula bila kuona," nilisema. "Meneja aliponiuliza, nikasema ndiyo. Nilipowakuta sungura Jumanne, nikawafukia. Kama si Daktari, Shangazi angefukuzwa kwa mwandiko wangu."

"Binti, utanikabidhi funguo za nyumba ya nyoka," Meneja alisema haraka, kama mtu aliyepata pa kushikilia. "Wiki mbili bila kazi, kisha tutaona."

Nilitazama Shangazi nikingoja anitetee. Alikuwa bado na hasira. Niliiona ilivyokaa kwenye taya lake. Hakunitetea.

"Ni haki," alisema. "Ila hiyo 'tutaona' yako, andika ni wiki mbili, kisha anarudi. Andika sasa, nikiwa nakuona. Na wewe," alinigeukia, "hizo wiki mbili utakuwa unakata majani nami, bila mshahara, alfajiri. Yule mama swala bado analia. Ukae ukimsikiliza."

Akavua kile kilemba, akachukua koti lake la sare kutoka msumarini alikolitundika mtu, akalivaa juu ya gauni la harusini. Akatoka kwenda zizini, na alipofika mlangoni akasimama, bila kugeuka, hadi nilipomfuata.